Kwa nini nusu ya dau bora inatosha

Mwaka 2016 Victor Haghani na Richard Dewey walichapisha matokeo ya jaribio la kurusha sarafu. Vijana 61, wanafunzi wa uchumi na fedha pamoja na wafanyakazi chipukizi wa kampuni za fedha, walipewa dola 25 kila mmoja na nusu saa ya kucheza kwenye kompyuta. Waliambiwa waziwazi kwamba sarafu imeinama: huangukia kichwa mara 60 katika kila 100. Ukipatia unaongezewa kiasi ulichoweka, ukikosea unakipoteza. Bahati ilikuwa upande wao tangu mwanzo, lakini asilimia 28 kati yao waliishiwa kabisa. Haghani analifahamu suala hili kwa undani, kwani alikuwa mmoja wa wabia waanzilishi wa LTCM, mfuko wa Marekani uliojaa wataalamu wa hesabu za fedha, ulioporomoka mwaka 1998 kwa sababu mikopo yake ilikuwa mikubwa mno ukilinganisha na mtaji.

Vijana wale walijua upande wa kuchagua. Kilichowaangusha ni kutojua waweke kiasi gani. Mwekezaji mzoefu naye huwa hivyo: anaweza kutumia wiki nzima akichambua hesabu za kampuni, kisha akaamua kwa dakika moja kama anunue hisa za milioni tano au za milioni thelathini.

Jibu la kihesabu lilipatikana mwaka 1956, kwa John Kelly wa maabara za Bell. Kwa dau linalolipa sawa kwa sawa, toa uwezekano wa kushindwa kutoka kwenye uwezekano wa kushinda. Kwa sarafu yetu, 60 toa 40 ni 20, kwa hiyo kila mara weka asilimia 20 ya fedha uliyo nayo wakati huo. Ukifanya hivyo kwa muda mrefu, mtaji wako utakua kwa wastani wa takriban asilimia 2 kwa kila mrusho, na hakuna kiwango kingine kitakachokuza mtaji kwa kasi zaidi.

Sasa tazama kinachotokea ukiacha kiwango hicho. Ukiweka nusu yake, yaani asilimia 10, ukuaji unashuka hadi asilimia 1.5. Umepunguza dau kwa nusu, lakini umepoteza robo tu ya ukuaji. Ukiweka mara mbili yake, asilimia 40, ukuaji hautoki asilimia 2 kwenda 3 wala 4. Unageuka kuwa hasara ndogo, ingawa sarafu ni ileile na bado inakupendelea. Sababu ni kwamba hasara inapunguza mtaji utakaotumia kujikomboa: ukipoteza asilimia 40 unahitaji faida ya karibu asilimia 67 ili urudi ulipokuwa. Kwa hiyo kosa la kuweka kidogo halifanani na kosa la kuweka kingi. La kwanza linakupunguzia kasi. La pili linakula mtaji.

Hata hivyo, katika jaribio lile vijana waliambiwa namba 60. Sokoni hakuna anayekuambia. Tuseme wewe unaamini ni 60, kumbe ukweli ni 55. Si kosa kubwa, na upande uliochagua ni ule ule sahihi. Kwa 55, kiwango bora ni asilimia 10. Wewe uliyeweka 20 kwa kufuata hesabu yako kikamilifu utarusha sarafu mwaka mzima bila kukua hata kidogo, kwa sababu umesimama kwenye mara mbili ya kiwango bora. Jirani yako aliyefanya hesabu ileile kisha akaweka nusu tu, ndiye aliyeangukia kwenye kiwango sahihi kabisa. Ni kosa la pointi tano tu, na katika biashara ya hisa makosa huwa makubwa kuliko hilo.

Tuje kwenye hisa. Kanuni hubadilika kidogo: chukua faida unayotarajia zaidi ya ile ya dhamana za serikali, ugawanye kwa mraba wa mtikisiko wa bei kwa mwaka. Mwenye shilingi milioni 50 anaangalia hisa ya benki moja. Anatarajia iipite dhamana ya serikali kwa asilimia 6 kwa mwaka, na mtikisiko wake ni asilimia 30. Anagawanya 0.06 kwa 0.09 na kupata theluthi mbili, yaani takriban milioni 33. Mtikisiko anaweza kuupima vizuri kwa kutazama bei za miaka michache. Ile asilimia 6 ndiyo yenye matatizo. Hata akiwa na rekodi ya miaka 25 ya hisa hiyo, kosa la kawaida la kipimo chake ni asilimia 30 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 25, ambacho ni 5. Jibu ni asilimia 6. Kosa limelingana na kitu chenyewe kinachopimwa! Ukweli unaweza kuwa asilimia 12, unaweza kuwa sifuri, na miaka 25 ya data haitoshi kumwambia ni upi.

Ikiwa ukweli ni asilimia 3, milioni 33 zake ni mara mbili ya kiwango bora, na mtaji wake hautaishinda dhamana ya serikali licha ya misukosuko yote atakayoipitia. Akiwa ameweka milioni 16 au 17, atapata nyongeza ya karibu nusu asilimia kwa mwaka, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote zinazowezekana katika hali hiyo.

Na hata kama makadirio yangekuwa sahihi, kiwango kamili kina safari ngumu. Kwa mujibu wa hesabu yenyewe, anayekifuata ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuona mtaji wake siku moja ukishuka hadi nusu ya alioanza nao. Kwa anayeweka nusu ya kiwango, uwezekano huo ni mmoja kwa nane. Wengi hufikiri wataivumilia hasara ya nusu ya mali yao mpaka iwafikie, huku ada za shule zikidaiwa na mjomba akiuliza zile fedha zilikwenda wapi. Anayeuza siku hiyo hapati ukuaji ulioahidiwa na kanuni, kwa kuwa kanuni inachukulia kwamba utaendelea kuwepo sokoni. Edward Thorp, aliyeitumia kanuni hii kwenye meza za karata na baadaye kwenye mfuko wake wa uwekezaji, mwenyewe ameandika akipendekeza watu waweke chini ya kiwango kamili.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata waangalifu. Mwekezaji wetu anaona benki ya pili yenye sifa zilezile, anarudia hesabu, na kupata milioni 33 nyingine. Jumla ni 66 kwa mtu mwenye 50, maana yake akope. Lakini benki mbili za nchi moja hukumbwa na mambo yaleyale: riba ikipanda au wakopaji wakishindwa kulipa, zote hushuka pamoja. Ikiwa uhusiano wa mienendo yao ni 0.8, kila kiwango kigawanywe kwa 1.8, na kila benki ibaki na takriban milioni 18.5. Nusu ya hapo ni milioni 9 na kidogo kwa kila moja. Katika masoko yetu ya Dar es Salaam na Nairobi, ambako siku nyingine hisa za baadhi ya kampuni haziuzwi kabisa, mimi ningepunguza tena, kwa sababu kanuni hudhani kwamba unaweza kurekebisha kiasi chako wakati wowote, kwa bei iliyopo.

Kama tayari unamiliki hisa, chukua faida uliyotarajia wakati unanunua, ikate nusu, kisha urudie hesabu kwa ukubwa ulio nao leo. Mwenye milioni 33 kwenye benki moja atapata jibu la milioni 16.7, na sasa anajua kiasi cha kumwagiza wakala wake auze: milioni 16, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ili asiiangushe bei yeye mwenyewe.