Kwa Nini Kuchemsha Hakuondoi Sumukuvu Kwenye Maziwa

Maziwa yachemshwe, hilo halina mjadala. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na moto unavimaliza. Wauguzi na mabwana mifugo wamelisisitiza jambo hili kwa miaka mingi, na limeokoa watu wengi. Lakini somo hilo limezaa imani nyingine isiyo ya kweli, kwamba maziwa yakishachemka basi hakuna kibaya kilichobaki ndani yake. Sumukuvu inabaki, yote. Na mara nyingi huanzia nyumbani, siku mama anapochambua mahindi ya ghalani.

Gunia lililokaa chini sakafuni bila mbao limevuta unyevu. Mahindi ya chini yameshikana mabonge, na ukiyavunja unaona vumbi la rangi ya kijani chenye unjano, na harufu ya uvundo inakupanda puani. Mazuri yanaenda mashineni kwa ajili ya ugali. Mabovu hayatupwi, maana chakula cha mifugo ni ghali. Yanaparazwa na kupewa ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe anakula, anacheua, hapotezi hamu wala haharishi, na jioni anakamuliwa kama kawaida. Kila anayetazama anaona mali imeokolewa. Kumbe sehemu ya sumu iliyokuwa guniani imo sasa ndani ya ndoo.

Kuvu zinazotengeneza sumu hii ni za jamii ya aspajilasi. Zinapenda joto na unyevu, na zinashambulia mahindi, karanga, mbegu za pamba na alizeti. Mmea uliopigwa na ukame unashambuliwa ukiwa bado shambani, na nafaka iliyowekwa ghalani kabla haijakauka vizuri inaendelea kushambuliwa humo. Sumu yenyewe ina aina kadhaa, na iliyo kali kuliko zote inaitwa B1. Hiyo ndiyo inayojulikana zaidi kwa kusababisha saratani ya ini, na kwa wingi mkubwa inaua haraka. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 125 walikufa baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo.

Ng'ombe akila B1, tumbo lake la kwanza, ambalo husaidia kuvunja baadhi ya sumu nyingine za kuvu, haliwezi kuivunja hii kwa kiasi cha kutosha. Inapita, inaingia kwenye damu na kufika kwenye ini. Ini linafanya kazi yake ya siku zote, yaani kuigeuza sumu iwe rahisi kutolewa mwilini. Vimeng'enya vyake vinaongeza chembe moja ya oksijeni kwenye B1, na kinachopatikana kinaitwa M1. Hiki kinayeyuka majini vizuri zaidi, kwa hiyo mwili unakitoa kwa njia ya mkojo, na kwa ng'ombe anayekamuliwa, kwa njia ya maziwa. Mbuzi na ngamia wana njia hiyo hiyo, na mwanamke anayenyonyesha pia, akila mahindi au karanga zenye sumu. Ndani ya saa 12 hadi 24 tangu ng'ombe aanze kula chakula kibovu, M1 inapatikana kwenye maziwa.

Si B1 yote inayofika huko. Kwa ng'ombe wengi ni kati ya asilimia 1 na 2. Kwa ng'ombe anayetoa maziwa mengi, hasa miezi ya mwanzo baada ya kuzaa, inaweza kufika asilimia 6. Yule anayesifiwa na kijiji kizima kwa kujaza ndoo ndiye basi anayepitisha sehemu kubwa zaidi ya sumu aliyolishwa.

Asilimia 2 inaonekana ndogo, kwa hiyo tuifanyie hesabu. Sumu hii hupimwa kwa mikrogramu, na mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Chukua ng'ombe chotara anayetoa lita 10 kwa siku na kula kilo 4 za pumba na mashudu. Tuseme kila kilo ya mchanganyiko huo ina mikrogramu 50 za B1, kiwango ambacho jicho haliwezi kukigundua. Kwa siku anameza mikrogramu 200. Asilimia 2 ya hizo ni mikrogramu 4, na zikigawanywa kwa lita 10 kila lita inabeba mikrogramu 0.4 za M1. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 0.05 tu kwa kilo ya maziwa, na kilo moja ya maziwa ni karibu sawa na lita moja. Maziwa yetu yamezidi kiwango hicho mara 8. Kodeksi, ambayo ni tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, inaruhusu hadi 0.5, kwa hiyo huko yangepita kwa shida.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa chakula chenye mikrogramu 5 za B1 kwa kilo. Ng'ombe anameza 20, maziwa yanapata 0.4 kwa siku, na kila lita inabeba 0.04. Yamepita hata kwa kipimo kikali cha Ulaya. Ndiyo maana Ulaya imeweka 5 kuwa ukomo wa B1 kwenye chakula cha ng'ombe wa maziwa. Usalama wa maziwa haya unaamuliwa kwenye hori, saa nyingi kabla ya sufuria kuwekwa jikoni.

Kwa nini moto unashindwa? Kimelea cha brusela ni kiumbe hai. Kina protini zilizokunjwa kwa umbo maalumu, na joto likizidi umbo hilo linavurugika na kimelea kinakufa. M1 haina uhai wa kupoteza, na si protini. Ni kemikali ndogo ambayo chembe zake zimeungana kwa pete kadhaa zilizoshikamana, na kuivunja kwa joto peke yake kunahitaji zaidi ya nyuzijoto 200. Maziwa yanachemka kwenye nyuzijoto 100 na kidogo tu. Ukiyaacha yachemke dakika 30, joto lake halipandi zaidi ya hapo. Kinachoongezeka ni mvuke. M1 haitoki na mvuke huo, kama vile chumvi isivyotoka na mvuke wa maji ya bahari. Hivyo lita moja ikipungua jikoni ikawa robo tatu, sumu ni ile ile ndani ya maziwa machache zaidi.

Kiwanda hakina nguvu kuliko jiko katika jambo hili. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi bila kuharibika hupitishwa kwenye joto la nyuzijoto 135 na zaidi kwa sekunde chache. Joto hilo linaua karibu kila kilicho hai, lakini M1 inapita. Serbia ililiona hilo baada ya ukame wa mwaka 2012. Mahindi yalishambuliwa na kuvu, ng'ombe wakalishwa, na mwaka 2013 maziwa ya madukani, yaliyotoka kwenye viwanda vya kisasa, yakakutwa na M1 kupita kiwango. Serikali ikapandisha ukomo wake wa M1 kutoka 0.05 hadi 0.5. Hatua hiyo iliruhusu maziwa kuuzwa. Haikupunguza hata chembe moja ya sumu.

Wengine hutegemea mtindi. Bakteria wanaogandisha maziwa wanaweza kweli kuishika sehemu ya M1 kwenye kuta za miili yao, ila kiasi kinatofautiana sana na mshiko wenyewe unaweza kuachia, kwa hiyo mtindi usichukuliwe kuwa dawa. Jibini ni mbaya zaidi. M1 hujishikiza kwenye kasini, protini inayoganda kuwa jibini, na kwa hiyo kilo ya jibini huwa na M1 mara kadhaa ya ile iliyokuwa kwenye kilo ya maziwa. Samli na siagi hubeba kidogo, kwa sababu sumu hii haipendi mafuta.

Ukubwa wa tatizo kwetu Afrika Mashariki unaonekana vizuri kwenye utafiti uliofanywa Addis Ababa na vitongoji vyake, Ethiopia. Watafiti walipima sampuli 110 za maziwa kutoka kwa wafugaji na wachuuzi. Zote zilikuwa na M1. Ni 9 tu zilizokuwa ndani ya kiwango cha Ulaya, na zaidi ya robo zilivuka hata kile cha Kodeksi. Walipofuata nyuma hadi kwenye chakula cha mifugo, chanzo kikuu kikawa mashudu ya mbegu za mafuta zinazolimwa sana nchini humo. Hao hawakuwa wafugaji wanaolisha uozo kwa makusudi. Walinunua mashudu sokoni, makavu, yanayoonekana safi.

Kuhusu hatari, tuseme kwa kipimo chake. M1 inakadiriwa kuwa na karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ya B1 katika kuleta saratani ya ini. Glasi moja haitakuangusha. Anayenipa wasiwasi ni mtoto wa mwaka mmoja anayekunywa nusu lita kila siku, na uji wa mahindi juu yake, mahindi ambayo huenda nayo yana B1. Mwili wake mdogo unapokea kutoka pande mbili. Kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B, hatari ya saratani huongezeka sana sumukuvu ikijumlishwa.

Kuna habari njema moja: M1 haikai kwenye mwili wa ng'ombe. Ukisimamisha chakula kibovu leo, ndani ya siku 3 hadi 4 maziwa yanakuwa yamesafika karibu kabisa. Mfugaji anayepokea chakula kipya na kukitilia shaka aondoe kile chakula mara moja, ampe ng'ombe majani mabichi na hei nzuri, na maziwa ya siku hizo asimpe mtoto. Asidanganywe na macho: kuosha ukungu, kuanika juani au kusaga mabonge kunaondoa dalili na kuacha sumu. Kuchanganya gunia bovu na matatu mazuri kunatengeneza magunia manne yenye sumu.

Upo udongo maalumu uitwao bentonaiti, unaochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe, takriban kilo moja kwa kila kilo 100. Unaikamata B1 tumboni na kutoka nayo kwenye kinyesi, na hupunguza M1 kwa kiasi cha kuonekana. Ni msaada, haufuti kosa la kulisha uozo, na ununuliwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya mifugo.

Kazi kubwa ni ghala. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, pumba na mashudu yanunuliwe ya wiki chache tu, na magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja. Unaponunua, vunja bonge la kwanza unaloliona na ulinuse. Mwulize muuzaji kama shehena yake imepimwa sumukuvu. Vyama vya ushirika vya maziwa vinaweza kununua vijiti vya kupimia na kupima shehena nzima kabla ya kugawana. Mahindi yaliyooza usimpe ng'ombe anayekamuliwa, wala kuku, bata au mbwa, maana bata hufa kwa kiasi kidogo sana. Yafukie mbali na banda na kisima. Na maziwa endelea kuyachemsha, kwa ajili ya brusela na kifua kikuu.