Mistari Kumi na Mitatu ya BCG

Ikiwa ulizaliwa Afrika Mashariki katika miongo ya karibuni, huenda una kovu dogo la mviringo begani au kwenye kigasha. Ni alama ya BCG, chanjo ya kifua kikuu iliyoanza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1921. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kuhusu nguvu zake, kwa kuwa kila nchi iliyoijaribu ilipata jibu lake. Mwaka 1994 Graham Colditz na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA uchambuzi unganishi, yaani hesabu inayokusanya majaribio mengi na kuyapima pamoja. Majaribio 13 kati ya waliyoyakusanya bado yanatumika kufundishia wanafunzi wa takwimu, nami sijaona mfano bora wa kujifunzia kusoma mchoro wa msitu.

Mchoro huo umepata jina kwa wingi wa mistari yake. Kila jaribio lina safu moja: kushoto jina na mwaka, katikati mstari mlalo wenye kisanduku, kulia tarakimu. Chini kabisa kuna umbo la almasi, ambalo ni jumla ya yote. Wasomaji wengi hukimbilia almasi hiyo. Ningewaomba waiache kwanza, waanze na safu moja.

Chukua jaribio la Uingereza, lililofanywa kwa vijana waliokuwa wakimaliza shule. Waliochanjwa walikuwa 13,598, wakaugua 62. Wasiochanjwa walikuwa 12,867, wakaugua 248. Katika kila watu 10,000 hiyo ni kama wagonjwa 46 upande mmoja na 193 upande wa pili. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utapata 0.24. Huo ndio uwiano wa hatari: aliyechanjwa alibaki na karibu robo tu ya hatari aliyokuwa nayo mwenzake. Kisanduku huwekwa penye 0.24. Mstari unaokipitia huanzia 0.18 hadi 0.31, na huonyesha thamani zinazopatana na takwimu za jaribio hilo kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95.

Katikati ya mchoro husimama mstari wima penye 1. Hapo ndipo chanjo haileti tofauti yoyote. Kushoto kwake chanjo imesaidia, kulia waliochanjwa wameugua zaidi. Angalia pia kwamba kipimo cha chini hakigawanywi kama rula ya shuleni: umbali wa kutoka 1 hadi 0.5 ni sawa na wa kutoka 1 hadi 2, kwa kuwa kupunguza hatari nusu na kuiongeza maradufu ni mabadiliko yenye uzito mmoja.

Sasa shuka hadi safu ya Madras, kusini mwa India. Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote, lenye watu 88,391 kila upande. Waliochanjwa wakaugua 505, wasiochanjwa 499. Uwiano ni 1.01, na mstari wake ni mfupi sana, kutoka 0.89 hadi 1.14. Halafu tazama jaribio moja dogo la Georgia, Marekani: wagonjwa 5 kwa 3 tu, uwiano 1.56, na mstari unaotambaa kutoka 0.37 hadi 6.53. Ukitazama kisanduku peke yake utasema Georgia ndiko chanjo ilikoleta madhara. Ukitazama urefu wa mstari utaona kwamba jaribio hilo halijasema lolote. Madras, kinyume chake, imesema kwa sauti kavu kabisa: pale, kwa watu wale, kinga haikuonekana.

Hapa ndipo kiini cha mchoro kilipo. Weka rula wima juu yake, uisogeze polepole kutoka kushoto kwenda kulia, ukitafuta mahali itakapogusa mistari karibu yote. Kama majaribio yanapima kitu kimoja, na tofauti zao ni za bahati tu, mahali hapo patapatikana. Katika BCG hapapatikani. Mstari wa Uingereza unaishia 0.31 na wa Madras unaanzia 0.89, na katikati yao pamebaki pengo tupu. Bahati haiwezi kuleta pengo la namna hiyo kati ya majaribio makubwa kiasi hicho. Hali hii ndiyo wanatakwimu huita utofauti kati ya majaribio.

Chini ya mchoro utaona alama I². Inakadiria ni sehemu gani ya tofauti zinazoonekana isiyoweza kuelezwa na bahati. Kwa BCG ni takriban asilimia 92. Lakini I² haikuambii tofauti hizo zina ukubwa gani kwa mgonjwa. Majaribio makubwa mno yanaweza kutoa I² ya juu hata kama yanapishana kidogo tu, kwa sababu mistari yao ni mifupi.

Utofauti huo hubadilisha hata hesabu ya almasi. Ukichukulia kwamba kuna jibu moja tu duniani, jaribio la Madras peke yake hubeba karibu asilimia 41 ya uzito wote, na almasi hukaa penye 0.65. Ukikubali kwamba kila mahali pana jibu lake na unatafuta wastani wa majibu hayo, uzito wa Madras hushuka hadi kama asilimia 10, na almasi husogea hadi 0.49, ncha zake zikiwa 0.34 na 0.70. Takwimu ni zilezile, dhana ndiyo iliyobadilika.

Basi BCG hupunguza kifua kikuu kwa nusu? Wastani ndivyo usemavyo. Lakini almasi inatuonyesha tu tunaujua wastani huo kwa uhakika gani. Anayetaka kujua mahali papya panaweza kupata nini anahitaji kipimo kingine, upeo wa utabiri, na hapa unaanzia takriban 0.15 hadi 1.55. Maana yake ni kinga kubwa mahali pamoja, na pengine hakuna kabisa kwingine. Makala nyingi huuacha upeo huo, nami naona ni kosa, kwa kuwa daktari hatibu wastani wa dunia.

Colditz na wenzake waliuliza tofauti inatoka wapi, wakaona kwamba umbali kutoka ikweta unaieleza sehemu kubwa. Kanada, kwenye digrii 55, uwiano ni 0.20, Madras, kwenye digrii 13, ni 1.01. Maelezo mojawapo ni kwamba katika nchi za joto watu hukutana mapema na bakteria wa udongoni na majini, ndugu wa yule wa kifua kikuu, na miili yao huwa imeshazoea kabla ya sindano. Hata hivyo Haiti, kwenye digrii 19, ilipata 0.20 kama Kanada. Tena majaribio hayakutofautiana kwa jiografia tu: vijana wa Uingereza walipimwa kwanza ili wachanjwe wale ambao hawakuwa na dalili ya maambukizi, ilhali Madras ilichanja watu wa rika zote. Mapitio mengine ya mwaka 2014 yaliona kinga kubwa zaidi kwa watoto wachanga na kwa wanafunzi waliochujwa hivyo kwa makini.

Ukiuchora mstari wa latitudo na kuuburuta hadi Kisumu, palipo karibu kabisa na ikweta, utavuka 1 na kudai kwamba chanjo inadhuru. Usiuburute. Kati ya majaribio hayo 13 hakuna hata moja lililofanywa chini ya digrii 13, na swali lililopimwa lilikuwa kifua kikuu kwa ujumla. Sababu kuu ya kumchanja mtoto mchanga Kisumu au Tanga ni kumkinga na kifua kikuu cha utando wa ubongo na kile kinachosambaa mwilini mzima, na hiyo ina mchoro wake mwingine.