Fomu mia nne zinaweza kudanganya kuliko watu sitini



Tuseme kuna koperative yenye wanachama 1,200, wametawanyika vijijini kati ya Kolwezi na Mutshatsha. Komite inataka kujenga depo ya mahindi, ili watu wasiuze yote wakati wa mavuno bei ikiwa chini, bali wangoje mpaka Desemba au Januari. Depo inajengwa na makuta ya wanachama wenyewe. Kwa hiyo sekretere anatuma fomu kwa kila mtu: «Utaweka mahindi yako depo, na utalipa sehemu yako? Ndiyo ao hapana.»

Fomu 400 zinarudi. Kati yake 300 zinasema ndiyo, ni kusema watu 75 kwa kila mia. Prezida anazipiga mkononi mbele ya mkutano: «Mia nne yote! Batu mingi vile, tunangoja tena nini? Tujenge!» Mama mmoja aliyekaa nyuma anauliza: «Na bale mia nane benye habakujibu, beko wapi?»

Mkutano unaweza kumcheka, lakini swali lake ndilo lililoangusha gazeti kubwa la Amerika.

Gazeti hilo liliitwa Literary Digest. Tangu mwaka 1916 lilikuwa likituma kadi kwa posta kuuliza watu watachagua nani kuwa rais, na kila mara lilipatia, mpaka 1932. Mwaka 1936 wagombea wakubwa walikuwa Roosevelt, rais aliyekuwa madarakani, na Landon. Gazeti likatuma kadi karibu milioni 10. Zilirudi zaidi ya milioni 2 na laki 3, na hesabu ikaonyesha Landon atapata kura 57 kwa mia. Siku ya uchaguzi, Roosevelt alipata karibu 61 kwa mia. Landon alishinda majimbo mawili tu kati ya 48. Mwaka 1938 gazeti lilikuwa limekwisha kufa.

Wengi wakieleza kosa hili wanasema sababu ni listi. Gazeti lilitoa majina kwenye vitabu vya simu na kwenye listi za wenye motokari, na mwaka ule, wakati wa shida kubwa ya uchumi, maskini wengi hawakuwa na simu wala motokari. Ni kweli, lakini haitoshi. Angalia mji wa Chicago. Kule gazeti lilichukua listi ya wapiga kura wenyewe, likatuma kadi kwa kila mtu wa tatu. Listi ilikuwa nzuri, maskini na tajiri wote walikuwa ndani. Karibu mtu mmoja kati ya watano alijibu, na zaidi ya nusu ya waliojibu walitaka Landon. Halafu Chicago ikampa Roosevelt kura karibu mbili kwa moja.

Basi ugonjwa wa pili ulikuwa kwa wale waliojibu. Kadi ilimfikia kila mtu, lakini aliyeketi kuijaza na kuirudisha posta ni yule aliyekuwa na hamu: mwenye hasira na Roosevelt, mwenye kutaka mabadiliko. Aliyeridhika aliiacha mezani.

Mwaka uleule mtu aitwaye George Gallup alifanya jambo la ajabu. Alituma kadi kama 3,000 tu kwa watu wa namna ileile waliokuwa kwenye listi za gazeti, na kabla gazeti halijatuma kadi zake akatangaza kwamba litakosea, na litasema karibu nini. Akapatia. Ni kusema kadi elfu tatu zilionyesha kosa lilelile la kadi milioni mbili. Milioni zote zile hazikuongeza kitu; zilirudia uongo uleule kwa sauti kubwa zaidi. (Gallup naye hakuwa malaika: hakuchota majina kwa bahati tupu, na mwaka 1948 alisema Dewey atamshinda Truman, ikawa kinyume.)

Turudi kwa depo yetu. Nani alirudisha fomu? Mara nyingi ni anayeishi karibu na barabara, mwenye kinga ya kuipeleka, anayejua kusoma bila kuomba mtoto, na zaidi ya yote mwenye magunia mengi ya kuweka. Anayevuna magunia matatu na kuyala nyumbani hana sababu ya kujaza. Aliyekwenda kuchimba shaba na kobalti wakati wa kiangazi hata hakuiona. Tuseme kati ya wale 800 waliokaa kimya, mmoja kwa watano angesema ndiyo: hao ni 160. Ongeza 300 za fomu, unapata 460 katika 1,200, ni kusema 38 kwa mia. Komite ilikuwa inajenga depo ya watu 900.

Sasa fanya kwa watu 60. Sekretere anaandika wanachama wote kwa namba, kuanzia 1 mpaka 1,200, na wale wenye deni la mchango pia. Akiwaacha nje, amefanya kosa la vitabu vya simu. 1,200 kugawa kwa 60 ni 20. Andika namba 1 mpaka 20 kwenye vikaratasi, vikunje, vitie ndani ya ndoo, mtoto achote kimoja mbele ya wote. Ikitoka 7, mtauliza namba 7, 27, 47, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Hakuna anayejichagua, na prezida hachagui rafiki.

Halafu kila mmoja afuatwe kwake, tena kwa mdomo. Katika mfano wetu mtapata ndiyo kama 23. Bahati inaweza kupotosha kidogo: safari moja 20, nyingine 27. Kwa watu 60, mara 19 katika 20 kosa halizidi 12 ao 13 kwa mia. Jibu liko kati ya 26 na 50, halikaribii 75. Kosa la namna hiyo linapungua ukiongeza watu. Kosa la fomu halipungui hata zikirudi nyingine mia za watu walewale wenye magunia.

Panapoharibika mara nyingi ni hapa: muulizaji hamkuti namba 47, anamuuliza jirani aliyekaa mlangoni. Jirani yuko pale sababu hakwenda mgodini, na wewe umerudi kwenye fomu. Usibadilishe mtu. Rudi jioni, rudi siku ya Mungu. Wasioonekana kabisa wahesabiwe waziwazi. Tuseme 12 hawakupatikana, na kati ya 48 waliopatikana 18 walisema ndiyo. Wale 12 wote wakisema hapana, ni 18 katika 60, yaani 30 kwa mia. Wote wakisema ndiyo, ni 30 katika 60, yaani nusu. Wakipotea 30, nafasi inakuwa pana mno, na hesabu hiyo haisaidii tena.

Na kama fomu zimekwisha kurudi, usizitupe bado. Zilinganishe na daftari la koperative. Daftari likisema wanawake ni nusu ya wanachama, na fomu za wanawake ni moja kwa kumi; ao vijiji vya mbali na barabara ni theluthi moja na fomu zao ni tano tu, mumekwisha kuona nani aliyenyamaza. Lakini hata vikilingana, bado hamjui kama mwenye magunia machache alijibu sawa na mwenye mengi, maana daftari la koperative nyingi haliandiki magunia. Hilo mtalipata kwa kwenda mpaka kwa namba 47.