Ujazo wa Kabari kwa Integrali Maradufu

Njia ya zege ya kupandishia mikokoteni ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 3. Inaanzia usawa wa ardhi na kuishia kimo cha mita 1. Umbo lake ni kabari: kitako ni mstatili, juu ni bapa lililoinama, z = x/6.

V = ∫₀³ ∫₀⁶ (x/6) dx dy

Integrali ya ndani hutangulia: x²/12, kutoka 0 hadi 6, hutoa 3, ambalo ndilo eneo la pembetatu ya ubavuni. Integrali ya nje huisogeza pembetatu hiyo upana mzima, na kutoa mita za ujazo 9, nusu kamili ya sanduku la 6 × 3 × 1. Mipaka ya x na y ikibadilishana kimakosa, hutoka 4.5, kipimo hicho cha nusu sanduku hulifichua kosa mara moja.