Visima vya mwaka 1300

Kuna faili la vituo vya maji vya Tanzania ambalo wanafunzi wa takwimu wa nchi nyingi hulifanyia mazoezi. Takwimu zake zilitoka Wizara ya Maji na mradi wa Taarifa, kisha zikawekwa kwenye mashindano ya DrivenData. Lina mistari 59,400, na kila mstari ni kituo kimoja: bomba, kisima au chemchemi. Mshindani hupewa mwaka kilipojengwa, mahali kilipo, idadi ya watu wanaokizunguka na mengineyo, kisha hutakiwa abashiri kama kituo kinatoa maji, kimeharibika, au kinatoa maji lakini kinahitaji matengenezo.

Ukiiagiza kompyuta ikupe wastani wa mwaka wa kujengwa, itakujibu bila kusita: 1300. Yaani kwa wastani vituo hivi vilijengwa miaka thelathini hivi kabla Ibn Battuta hajatia nanga Kilwa. Jibu la kipuuzi namna hii lina faida, kwa sababu linakushtua. Ila wastani una namna ya kuficha siri yake. Unakuambia kwamba kuna jambo, hausemi jambo gani wala liko wapi. Kwa hilo unahitaji mchoro, na mchoro utakaouchagua ndio utakaoamua utaona nini.

Kwa safu moja ya namba, mimi huanza na histogramu: namba zinagawanywa katika makundi, na kila kundi linapata mhimili wake. Histogramu ya safu ya construction_year inaonyesha mihimili miwili iliyoachana sana. Mmoja uko mwanzo kabisa kwenye 0, mwingine umebanwa ukutani upande wa kulia, na katikati ni jangwa tupu. Mistari 20,709 ina mwaka 0. Hakuna kituo kilichojengwa mwaka 0. Hiyo sifuri maana yake ni kwamba mwaka haukujazwa. Ukiziondoa, wastani unaruka hadi karibu 1997, na mwaka wa kwanza kabisa unakuwa 1960.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Sifuri elfu ishirini hazikuanguka kama mvua, popote pale. Swali linalofuata ni la mkoa kwa mkoa, na kwa swali hilo mchoro wa kisanduku, ambao watu huupenda kwa kulinganisha makundi, haukufai. Kisanduku huonyesha namba ya katikati na mahali ilipo nusu ya namba zilizoizunguka, hakihesabu zilizokosekana. Mkoa wenye sifuri tupu utakupa kistari kimoja chini ya ukurasa, na ukishaziondoa sifuri, mkoa huo unatoweka mchoroni bila taarifa. Kinachofaa ni mihimili ya kawaida inayoonyesha, kwa kila mkoa, sehemu ya vituo visivyo na mwaka:

```
tupu = df["construction_year"].eq(0)
tupu.groupby(df["region"]).mean().sort_values().plot.barh()
```

Mchoro unagawanyika mara moja. Mikoa mingi ina mihimili mifupi, lakini ya Dodoma, Mbeya, Kagera na Tabora imejaa karibu hadi mwisho. Kwa hiyo aliyekosa kujaza si mtu mmoja mmoja aliyesahau. Inaelekea huko mwaka haukuulizwa kabisa, au ulipotea njiani. Ukiipa modeli namba hizo kama zilivyo, itajifunza kwamba vituo vya "mwaka 0" vina tabia fulani, kumbe inajifunza tabia za mikoa hiyo. Itafaulu mtihani, na haitakuwa imejua chochote kuhusu umri wa kituo.

Turudi kwenye miaka iliyojazwa. Baadhi ya programu hugawa histogramu katika makundi kumi usipozielekeza vingine. Kwa miaka ya 1960 hadi 2013, kila kundi linabeba miaka mitano na zaidi, na unachoona ni kilima kinachopanda taratibu kuelekea leo. Kinavutia, na kinaficha. Chora mhimili mmoja kwa kila mwaka, na kilima kinaota miiba. Mwaka 2000 una vituo 2,091. Mwaka 1999 una 979, na 2001 una 540 tu. Mwaka 1970 nao unachomoza juu ya majirani zake. Sidhani kuna aliyepiga mbio za kuchimba visima mwaka 2000 kisha akapumzika. Mzee aliyeulizwa kisima kilichimbwa lini alikumbuka kwa kukadiria, na makadirio hupenda kutua kwenye namba inayoishia na sifuri. Wanaofanya sensa wanalijua sana jambo hili kwenye umri wa watu. Kwa mchambuzi maana yake ni moja: mwaka 2000 katika faili hili usomwe kama "karibu na 2000".

Mahali nako kuna mambo yake. Hapa chora nukta, longitude kwa ulalo na latitude kwa wima, na uzifanye ndogo na zenye kupenya mwanga. Nukta 59,400 nzito zitakuwa doa jeusi tu. Ungetarajia umbo la Tanzania. Badala yake Tanzania imesukumwa pembeni, kwa sababu mchoro umelazimika kunyooka hadi longitudo 0 ili kuchukua nukta moja iliyo peke yake. Nukta hiyo iko Ghuba ya Guinea, baharini, na chini yake kuna vituo 1,812 vya Mwanza na Shinyanga vilivyolaliana. Latitudo yake imeandikwa -2e-08, si sifuri kamili. Anayewinda makosa kwa kuuliza "latitudo ipi ni sawa na 0?" atajibiwa kwamba hakuna hata moja. Jicho linaiona kwa sekunde moja.

Mchoro nao unaweza kukudanganya. Safu ya population inaanzia 0 hadi 30,500, na namba ya katikati ni 25. Histogramu ya kawaida hutoa mhimili mmoja mrefu kushoto, basi. Dawa yake ni kipimo cha logi, ambapo kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. Ukikitumia, unachomoza mhimili kwenye 1: vituo 7,025 vinadaiwa kuhudumia mtu mmoja. Huo ni ugunduzi. Lakini sifuri haina logi, kwa hiyo vituo 21,381 vyenye sifuri vimedondoka kimyakimya, na unaweza kumaliza kazi bila kujua kwamba theluthi moja ya faili haimo kwenye mchoro unaoutazama. Kila ninapotumia logi, kwanza nahesabu sifuri na kuandika idadi yake juu ya mchoro.

Imebaki safu moja, amount_tsh. Jina linamfanya Mtanzania yeyote afikirie shilingi, ila maelezo ya faili yanasema ni kiasi cha maji kinachopatikana kituoni. Mistari 41,639 ina sifuri. Huenda ni vituo vikavu, huenda hakuna aliyepima. Nimeichora kwa mkoa, kwa aina ya pampu na kwa hali ya kituo, na sijaona mchoro unaozitenganisha sifuri hizo mbili. Mwenye jibu ni aliyekwenda na fomu kijijini.