Bomba Linavuja Siku Maji Yanaporudi

Wanaokaa bweni letu wanaijua hii ratiba. Mgao unaanza Jumatano, siku tatu hakuna hata tone, ndoo zinapangana kwenye korido kama ziko foleni ya mkopo. Jumamosi maji yanarudi, watu wanapiga kelele za furaha, na ndani ya nusu saa kuna dimbwi chini ya elbo ya bomba kubwa pale ukutani. Fundi anaitwa, anakaza, anaondoka. Mgao unaofuata, hadithi ile ile.

Kwa muda mrefu tuliamini fundi anakaza vibaya. Mimi niko mwaka wa tatu uhandisi, na naona aibu kusema kwamba ilinichukua hadi mara ya nne kujiuliza swali la kijinga: kwa nini linavuja siku maji yanaporudi tu, na si siku nyingine?

Bomba lenyewe ni la chuma, la nchi mbili, lina urefu wa mita 60 kutoka kwenye tangi hadi bwenini. Limepita juu ya vinguzo vifupi vya zege, juani kabisa, na limepakwa rangi nyeusi. Ncha zote mbili zilijengewa ndani ya zege, moja kwenye msingi wa tangi na nyingine kwenye ukuta wetu. Ukitaka kuligombanisha bomba na jua, huo ndio mpangilio mzuri kuliko yote.

Chuma kikipata joto kinarefuka. Hilo tulisoma sekondari na kanuni yake ni fupi:

ΔL = α × L × ΔT

Yaani badiliko la urefu ni kizidishi cha kutanuka, mara urefu wa awali, mara badiliko la joto. Kwa chuma cha kawaida cha ujenzi, α ni kama 0.000012 kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi. Namba hiyo inaonekana kama si kitu. Lakini ipigie kwenye bomba letu la milimita 60,000 uone: kila nyuzijoto moja inaongeza milimita 0.72. Iandike pembeni hiyo 0.72, maana hesabu yote iliyobaki inaitegemea.

Sasa, joto lipi? Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Nilipomuuliza fundi (baada ya shikamoo, maana ni mtu mzima) akasema, "Kijana wangu, hapa kwetu baridi kabisa ni 18, joto kali ni 33. Tofauti 15. Zidisha unapata milimita 11 hivi. Mimi nikiweka kiungo naacha 20, karibu mara mbili. Sijawahi kukosea."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kitu alichokipima. 18 na 33 ni joto la hewa kivulini, na bomba halikai kivulini. Tuliazima kipimajoto cha maabara tukalipima lenyewe. Alfajiri ya miezi ya baridi lilikuwa 18, sawa na hewa. Lakini saa nane mchana wa Januari, likiwa tupu kwa sababu ya mgao, chuma kilisoma 63. Tofauti ni nyuzijoto 45, siyo 15. Mara 0.72, tunapata zaidi ya milimita 32 za kurefuka na kusinyaa.

Na hapo siri ya mgao inajitokeza. Bomba lenye maji yanayopita haliwezi kupata moto sana, kwa sababu maji yanaondoa joto muda wote. Bomba tupu halina wa kulipoza. Kwa hiyo kwa siku tatu za mgao linaiva juani na kusukuma zege huku na huku. Jumamosi maji ya nyuzijoto 26 yanaingia ghafla, chuma kinashuka kutoka 63 hadi 26 kwa dakika chache, na bomba linataka kusinyaa karibu milimita 27. Linaivuta elbo ambayo siku tatu lilikuwa likiisukuma. Thredi zilishalegea wakati wa joto, ila lilipokuwa tupu hakukuwa na cha kuvuja. Fundi alikuwa anakaza vizuri tu. Kesho yake jua linafungua.

Mtu anaweza kusema: si lijengewe zege nene zaidi, lishindwe kusogea? Tupige hesabu. Chuma kikizuiwa kurefuka, kinajikandamiza chenyewe kwa ndani, na mkazo huo ni E × α × ΔT, ambapo E ni ugumu wa chuma, kama 200,000 N/mm². Inakuja 2.4 N/mm² kwa kila nyuzijoto. Eneo la chuma ukilikata bomba letu ni kama 640 mm². Kwa hiyo kila nyuzijoto moja inaongeza msukumo wa karibu kilo 157, yaani watu wawili wazima wanaoegemea ukuta. Bomba lilifungwa asubuhi moja likiwa na 27, kwa hiyo likifika 63 ni nyuzijoto 36: zaidi ya tani 5 na nusu. Na angalia, urefu haumo kwenye kanuni hiyo. Bomba la mita 6 lililobanwa kote lingesukuma kwa nguvu ile ile.

Kabla ya kufika huko, kitu fulani huwa kinaachia. Ukuta unapasuka, elbo inapinda, au bomba lenyewe linakwepa pembeni. Na likiamua kukwepa, jiandae. Chukua milimita 26 za nyongeza, gawa kwa mbili, uchore pembetatu mraba yenye kitako cha mita 30 na upande mrefu wa mita 30.013. Pithagorasi anakwambia upande wa tatu ni sentimita 88. Kama klampu zisingelishika, milimita 26 tu zingelitoa bomba nje ya mstari karibu mita moja. Ndiyo maana klampu zetu za katikati zilikuwa zimeng'oka.

Kwa hiyo bomba lazima lipewe pa kwenda. Tulichokubaliana ni kiungo cha kuteleza: bomba linaingia ndani ya bomba pana kidogo lenye pete ya mpira inayozuia maji, na ndani yake kunaachwa nafasi ya ncha kusogea. Upande wa tangi ukabaki umefungwa kwenye zege. Kiungo kikakaa upande wa bweni. Klampu za katikati zikalegezwa kidogo, zishike bomba lisiende pembeni lakini liweze kuteleza kwa urefu.

Swali likawa, tuache nafasi kiasi gani? Hakuna jibu moja. Inategemea bomba lina joto gani dakika ile unayolifunga.

Nafasi inalinda upande wa kurefuka, kwa hiyo unahesabu kutoka joto la sasa hadi joto la juu kabisa. Tuseme unafunga asubuhi, chuma kikiwa 27. Kimebakiza nyuzijoto 36 kufika 63. Mara 0.72 ni milimita 26. Ongeza milimita 10 za akiba, maana hakuna anayejua siku ya joto kuliko zote, unapata 36. Sasa tuseme fundi amechelewa, unafunga saa nane mchana, chuma kikiwa 55. Kimebakiza nyuzijoto 8 tu, yaani milimita 6. Ukiweka na akiba, unaacha 16. Kazi ile ile, siku ile ile, nafasi zimepishana milimita 20.

Tazama sasa zile 20 za mazoea. Asubuhi zingejaa bomba likifika kama nyuzijoto 55, na kuanzia hapo ukuta ungerudi kubeba kilo 157 kwa kila nyuzijoto. Mchana zingetosha kurefuka na zaidi, lakini usiku wa baridi ncha ingerudi nyuma karibu milimita 27 kutoka pale. Kwa hiyo angalia na upande huo: ncha ikisinyaa hadi mwisho, bado iwe imevuka pete ya mpira kwa kiasi cha kutosha. Isipovuka, umetengeneza bomba la mvua.

Fundi alinifundisha jambo moja ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Nilitaka kukiacha kipande cha upande wa bweni kikining'inia. Akacheka. "Maji nayo yanasukuma, mwanangu. Usipofunga huku na huku, yatakichomoa." Nikapiga hesabu. Tangi letu liko juu kama mita 15, na msukumo wake kwenye eneo la bomba hilo unafika kilo 43 hivi. Kiungo cha kuteleza hakizuii nguvu hiyo. Zege la pande zote mbili ndilo linalozuia, kwa hiyo kipande kifupi cha ukutani nacho kikafungwa imara.

Wapo watakaouliza: mbona reli za kisasa zimelehemewa kilomita na kilomita, hakuna nafasi? Ni kweli, na jibu liko kwenye ile kanuni isiyokuwa na urefu. Reli inafungwa kwa nguvu kwenye mataruma, na mataruma yanashikwa na kokoto, ili isiweze kukwepa pembeni. Inafungwa pia ikiwa katika joto la katikati lililochaguliwa, ili mchana ikandamizike kwa kiasi inachomudu na usiku ivutike kwa kiasi inachomudu. Chuma chenyewe kinavumilia. Vinguzo vyetu vifupi na ukuta wa bweni haviwezi kazi hiyo.

Ukitaka kujua bomba lililo karibu na wewe linahangaika au la, chukua chaki. Alfajiri chora mstari kwenye bomba ulingane na alama ukutani, karibu na ncha inayosogea. Rudi saa nane mchana upime mistari imepishana kiasi gani. Usipime bomba lote kwa tepu ya chuma iliyolala juani nalo, kwa sababu tepu nayo imerefuka vile vile na itakwambia hakuna kilichobadilika. Ukigawa ulichopima kwa 0.000012 mara urefu wa bomba, unapata nyuzijoto zilizopanda. Na kama hakuna kilichosogea kabisa huku chuma kinaunguza mkono, tafuta nyufa kwenye plasta na klampu zilizopinda. Nguvu imeenda huko.

Kwetu mstari wa chaki ulisogea milimita 25 kati ya alfajiri na mchana wa mgao uliopita. Jumamosi maji yalirudi, ncha ikateleza nyuma, na chini ya elbo palikuwa pakavu. Fundi sasa anabeba kipimajoto kwenye begi lake. Anaanza kukidai kuwa ni chake.