Gramu Tano za Protini kwa Siku

Nchini Uingereza kila mtoto mchanga hutobolewa kisigino akiwa na umri wa siku tano hivi, na matone ya damu yake hudondoshewa kwenye karatasi maalumu inayopelekwa maabara. Miongoni mwa maradhi yanayotafutwa humo ni fenilketonuria, ambayo barani Ulaya humpata takriban mtoto 1 katika kila 10,000. Mtoto huyu amerithi hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili: kimeng'enya cha ini kinachogeuza fenilalanini kuwa tairosini hakifanyi kazi. Fenilalanini imo katika protini ya karibu kila chakula, kuanzia maziwa ya mama hadi maharage, samaki na ugali. Isipogeuzwa, hurundikana katika damu na kuuharibu ubongo unaokua.

Tiba ya chakula ilianzia Birmingham mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale daktari Horst Bickel na wenzake walipomlisha mtoto mmoja wa kike protini iliyochujwa fenilalanini kwa mkaa. Mtoto huyo alikuwa hawezi kusimama wala kusema, na muda mwingi alilia na kugongagonga kichwa. Baada ya miezi kadhaa alianza kutambaa na kujaribu kusimama. Ili wahakikishe kwamba ni chakula kilichomsaidia, walirudisha fenilalanini katika mlo wake, na hali yake ikaharibika upesi. Maziwa ya dawa wanayopewa watoto hawa leo yametokana na kazi ile.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi huchelewa kulielewa. Fenilalanini haiwezi kuondolewa yote, kwa sababu mwili hauna uwezo wa kuitengeneza na hauwezi kukua bila hiyo. Kila mtoto ana kiasi chake anachokimudu, na hakuna kipimo cha siku moja kinachoweza kukitaja. Hutafutwa polepole, damu ikipimwa mara kwa mara.

Tuchukue mtoto wa mfano mwenye uzito wa kilo 3.5, ambaye kipimo chake cha kwanza kimeonyesha maikromoli 1,500 kwa lita. Lengo, kwa mwongozo wa Ulaya, ni kumweka kati ya 120 na 360 mpaka afike miaka 12. Kwa siku chache za mwanzo hupewa maziwa ya dawa yasiyo na fenilalanini peke yake, huku mama akikamua maziwa yake ili yasikauke. Kipimo kinaposhuka chini ya 1,000 hivi, mtoto hurudishiwa fenilalanini, kwa kuanzia miligramu 50 hivi kwa kila kilo. Kwa mtoto wetu hizo ni miligramu 175 kwa siku, ambazo hupatikana katika takriban mililita 380 za maziwa ya mama.

Lakini mtoto anayenyonya hapimiki kwa kikombe. Njia inayotumika ni nzuri kwa urahisi wake. Kabla ya kila kunyonya hupewa kwanza maziwa ya dawa yaliyopimwa, tuseme mililita 50, kisha huachwa anyonye mpaka ashibe. Damu ikipanda juu ya 360, maziwa ya dawa huongezwa mililita 10 kila mlo, na kwa kuwa tumbo limeshajaa zaidi, atanyonya kidogo. Ikishuka chini ya 120, hupunguzwa mililita 10. Katika mwaka wa kwanza damu hupimwa kila wiki. Mama hujifunza kumtoboa mwanawe nyumbani na kutuma karatasi kwa posta. Duara la karatasi lazima lijae kwa tone moja zuri, maana tone dogo au matone yaliyopandana hutoa namba isiyo ya kweli.

Mtoto anapoanza vyakula vya kulainisha, hesabu huhamia kwenye gramu. Waingereza huhesabu kwa kipimo kimoja cha miligramu 50 za fenilalanini, ambacho ni sawa na gramu 1 hivi ya protini. Mwenye fenilketonuria kali mara nyingi humudu miligramu 250 kwa siku au pungufu, yaani gramu tano za protini. Yai moja tu lina gramu sita. Unga wa mahindi una gramu nane hivi katika kila gramu 100, kwa hiyo gramu 12.5 hivi za unga zinamaliza kipimo kizima. Viazi mviringo vya kuchemsha, gramu 80 ni kipimo kimoja. Matunda mengi na mboga nyingi huliwa bila kuhesabiwa. Soda na pipi zilizotiwa utamu wa aspatemu, yenye namba E951, hazigusi mdomo wake, kwa kuwa aspatemu yenyewe imetengenezwa kwa fenilalanini.

Gramu tano hazimkuzi mtoto. Sehemu kubwa ya protini yake hutoka kwenye maziwa ya dawa, yaliyoongezwa tairosini, vitamini na madini. Mtoto wetu akifika miaka mitatu na kilo 14 huhitaji gramu 25 hadi 30 za protini hiyo kwa siku, zikigawanywa mara tatu au zaidi pamoja na mlo. Akizinywa zote kwa mkupuo mmoja asubuhi, nyingi huteketezwa bila kujenga mwili. Ladha yake ni chungu na harufu yake ni nzito, na nawahurumia wazazi wanaokaa mezani kila siku wakibembeleza kikombe kiishe. Kikombe hicho ndicho nguzo ya tiba yote.

Sasa namba ya mtoto huyu, iliyokuwa ikicheza kwenye 290, inarudi 620. Mama anaanza kujilaumu na anataka kupunguza chakula. Mtaalamu wa lishe mzoefu huuliza kwanza: alikuwa na homa? Kikombe alikimaliza? Damu ilichukuliwa saa ngapi? Mtoto anapougua na kukataa kula, mwili huvunja misuli yake ili upate nguvu, na misuli hiyo humwaga fenilalanini katika damu. Hapo hupewa maziwa ya dawa kidogo kidogo na vinywaji vya glukosi, homa hutibiwa kwa dawa isiyo na aspatemu, kisha hupimwa tena akishapona. Saa nayo ni muhimu, kwa sababu fenilalanini huwa juu zaidi alfajiri kabla ya kula, na vipimo vya saa tofauti havilinganishiki.

Kuna hali ya hatari zaidi. Mtoto aliyebanwa mno hukaa chini ya 120 kwa wiki kadhaa, uzito husimama, anakuwa mchovu, ngozi huota vipele mahali pa nepi, nywele zinadondoka. Baadaye mwili wenye njaa huanza kujila, na namba hupanda ghafla. Anayeiangalia namba pekee atambana tena. Dawa yake ni kumwongezea, miligramu 25 hadi 50 kwa siku, na kulitazama jedwali la ukuaji kabla ya kugusa sahani.

Baada ya mwaka mmoja vipimo huwa kila wiki mbili, na baada ya miaka 12 kila mwezi. Katika umri huo Ulaya huruhusu hadi 600, ilhali Marekani husisitiza 360 maisha yote. Kwa msichana hakuna hitilafu ya maoni: akipanga kubeba mimba, lazima awe ameshashuka chini ya 360 kabla ya kushika, kwa kuwa fenilalanini yake nyingi humuumiza mtoto aliye tumboni, hata kama mtoto huyo hakurithi ugonjwa.